Mkanda Shingoni mwa Mkwe

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na jogoo mmoja kule Magindu ambaye hakuwika alfajiri kama majogoo wa watu. Alikuwa akiwika lori likipita. Siku hizo malori hayakuwa mengi, basi jogoo yule aliweza kukaa kimya siku nzima kama sheikh mwenye mawazo, halafu ghafla mnasikia amepasua koo, na kweli, mkikaza masikio, mnasikia lori linakuja kwa mbali. Bibi hakuwa na saa wala hakuitaka. Alisema jogoo wake anajua mambo ya Serikali. Watu walimcheka, lakini ukitaka kusafiri ulikwenda kulala kwa bibi.

Mimi nilisafiri kwa jogoo huyo. Aliwika, nikatoka mbio na kifurushi changu, nikasimama barabarani, lori likasimama, na dereva akaniuliza kama najua kusukuma. Nikamwambia ndiyo. Shule nilikaa miaka miwili tu, nikajua kusoma tarakimu na herufi kubwakubwa, zile ndogo zilinikataa, lakini kusukuma najua. Lori lilikuwa bovu, nikalisukuma karibu nusu ya safari, na tulipofika Visiga dereva akasema ahsante, sasa limepona. Akaniacha hapo. Nisingeshushwa Visiga, haya mengine yote yasingekuwa. Jogoo naye alikuja kuliwa na kicheche, lakini hiyo ni habari yake.

Visiga wakati wa Mwingereza ilikuwa barabara, nyumba chache, mihogo, mikorosho na mashine moja ya kusaga. Mwenye mashine alikuwa Mzaramo mmoja, mtu wa heshima zake, aliyeuza korosho miaka mingi mpaka akapata kununua injini na kinu cha chuma. Kabla ya hapo wanawake walikuwa wakitwanga. Alipoileta mashine wakaanza kuja hata kutoka Misugusugu, ndoo kichwani, wanapanga foleni na kusengenya. Mimi nilimwomba kazi mashine ikiwa bado haijafika, akaniuliza kama najua injini. Nikamwambia nimesukuma lori. Akaona yatosha.

Kazi yangu ilikuwa kuizungusha injini asubuhi mpaka ishike moto, kuitilia maji, kupaka grisi, na kupiga kelele wanawake wasisogeze khanga karibu na mkanda. Kwa asiyejua, injini ina gurudumu lake, tunaliita puli, na kinu kina puli yake, na kati yao unapita mkanda mnene wa mpira. Injini inazunguka, mkanda unavuta, kinu kinasaga. Mkanda ukikosekana injini itanguruma peke yake kama mlevi, na mahindi yatakutazama.

Sasa huyu tajiri yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mfupi. Sisemi mfupi kwa ubaya. Alikuwa mfupi namna ambayo akisimama nyuma ya foleni wanawake walikuwa wakimruka kwa salamu, wanamsalimu aliye nyuma yake. Kaka yake mkubwa, huyo alikuwa mrefu kama mlingoti, askari aliyerudi kutoka Burma na kaptura mbili za khaki na hadithi moja, ambayo aliisimulia kila siku. Mama mmoja, baba mmoja. Na huyo tajiri alikuwa na binti.

Binti alikuwa akinisaidia kuchekecha unga. Mdomo wake ulikuwa mwepesi. Siku ya kwanza ya kusaga alinitazama nimejaa unga kichwani na kwenye kope, akasema, "Baba kaajiri mzee." Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nikapeleka posa kwa njia ya mzee mmoja wa Misugusugu, na posa haikurudishwa. Haikukubaliwa pia. Ilikaa. Tajiri akawa si tajiri tena, akawa mkwe wa kutarajiwa, na hapo maisha yangu yakawa magumu, maana mkwe kwetu si mtu wa kuchezewa. Hukai naye mkeka mmoja. Huli mbele yake ukafungua mdomo mpana. Na zaidi ya yote, mwili wa mkwe hautajwi. Akiwa kipara, wewe hujui kama ana kichwa. Akiwa na tumbo, wewe unaona kanzu tu. Watu wanasema kijana aliyetaja kidole gumba cha mkwe alilipa mbuzi.

Picha ndiyo iliyoleta taabu. Mashine ilipofika, kabla haijafungwa, mkwe alimwita mpiga picha kutoka Dar es Salaam, aliyekuja kwa baiskeli na kamera ya miguu mitatu. Mkwe alitaka apigwe picha pamoja na kaka yake, watu waone ndugu wawili wenye mali. Lakini hakutaka kuonekana kiunoni mwa kaka yake. Basi wakavaa kaptura za Burma wote wawili, yake ikiwa imekunjwa na kushonwa na binti, na chini yake nikamwekea boksi la sabuni. Mbele yao tukalaza magunia ya mahindi, boksi lisionekane. Mimi mwenyewe nililishika boksi kwa nyuma, nimechutama, kwa sababu lilikuwa likitikisika. Ule mkono wangu haupo kwenye picha.

Akataka pia waonekane na kitu cha mashine. Injini ilikuwa bado imefungwa kwenye mbao, basi akauchukua ule mkanda mpya, akauvaa shingoni kama shada la maua la bwana harusi, ukaning'inia mpaka magotini kwake. Mkanda ulikuwa na maandishi ya Kizungu mgongoni, naye akaugeuza maandishi yatazame kamera, akaushika kwa ngumi mbili kifuani, moja juu, moja chini. Picha ikatoka nzuri. Akaitia kwenye fremu, akaitundika ukumbini, na kila mgeni alionyeshwa.

Mkanda ulifanya kazi kama mtumwa kwa misimu kadhaa. Kisha siku moja, mwishoni mwa mwezi wa Shaabani, ukapasuka. Ulitoa mlio, ukaruka, ukampita bibi mmoja sikioni, naye akasema kwa utulivu, "Huu nao umechoka."

Hapa ndipo tulipokosea, na sidhani kama watu wa mahali pengine wangekosea hivi. Mpira mzuri kwetu haulali chini. Mimi nilikwenda kuoga, na niliporudi mkanda ulikuwa umegawanywa kama nyama ya akika. Mke wa mkwe alishakata kipande akakipigilia kuwa bawaba ya banda la mbuzi. Jirani mmoja amepasua chake kufanya kamba za ndara. Mwingine amefunga mpini wa jembe. Nilikwenda kwa kila mmoja nikitafuta namba, na kila kipande kilikuwa cheusi kitupu, maana hata maandishi yenyewe yalikuwa yamesagwa na vumbi na moto wa puli. Mwenye ndara alininyanyulia mguu nikague. Hakuna kitu.

Mkwe hakushtuka. "Namba iko kwenye picha," akasema. "Chukueni picha, nendeni Kisarawe kwa yule Mhindi wa vyuma."

Nikamwambia, "Baba, si tupime kwanza kwa kamba, tuzungushe kwenye puli hizi mbili tujue urefu?"

"Kamba inavutika," akasema. "Picha haisemi uongo."

Ningejibu nini, nami nililishika boksi?

Kisha akaongeza neno ambalo nililibeba safari nzima. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakaribia, watu watataka unga wa uji na wa vitumbua, na wakikuta mashine imekufa watarudi kwenye vinu vyao na hawatatoka tena. Akasema, "Mwezi ukiandama na mashine haijaimba, posa yako nairudisha. Nimngoje fundi gani asiye na mashine?"

Binti alikuwa akisikia nyuma ya mlango. Nilipokwenda kung'oa kile kipande kwenye banda la mbuzi, ili angalau tujue unene wa mkanda, alinifuata akashika mbuzi wasitoke. Akasema, "Usiponiletea huo mkanda nitaolewa na mtu wa korosho."

"Mtu gani wa korosho?"

"Sijui. Lakini hawakosekani."

Basi tukaondoka, mimi na baba mkubwa wake, yule mrefu wa Burma, kwa sababu fedha alishika yeye. Tukafuata barabara kwa miguu mpaka Misugusugu na mbele zaidi, tukapata lori, tukashuka, tukakata kwa njia za ndani kupanda vilima vya Kisarawe. Burma ilisimuliwa mara tatu. Picha niliibeba mimi kifuani, imefungwa kwenye khanga, fremu na kioo chake, na kila mtu tuliyekutana naye alinipa pole akidhani nimebeba mtoto mgonjwa.

Yule Mhindi wa vyuma alizaliwa hapohapo Kisarawe, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alikuwa na duka refu lenye giza, misumari, minyororo, mafuta, na ukutani mikanda imetundikwa kwenye vigingi kama nyoka. Watu walikuwa wamejaa: mwalimu mmoja wa misheni aliyekuja kununua bawaba, wanawake wawili wa mafuta ya taa, na mzee mmoja ambaye nadhani hakuja kununua chochote, alikuja kukaa.

Tukasalimiana, nikamfungulia kipande cha banda la mbuzi. Akakinusa, akafanya uso.

"Mbuzi," nikamwambia.

"Naona." Akakipima upana kwa chuma chake cha kupimia, akapima na kina chake. "Hii ni B. Mikanda ina herufi na namba. Herufi ni unene wake: A mwembamba, B huu, C mnene zaidi. Ukikosea herufi hauingii kwenye mfereji wa puli. Namba ni urefu, inchi, kwa mzunguko wa ndani. Namba iko wapi?"

Nikafungua khanga, nikampa picha. Akaitazama kitambo. Akanitazama mimi. Akaitazama tena.

"Hawa ni kina nani?"

"Namba iko kifuani kwake," nikasema.

Akachukua kioo cha kukuzia, akainama. Sasa maandishi ya mkanda yanakwenda kwa urefu wa mkanda, na mkanda ulikuwa umening'inia wima, kwa hiyo namba ilikuwa imelala ubavu. Akainamisha kichwa kulia. "Sitini na nane," akasema. Nikafurahi. Kisha akainamisha kichwa kushoto. Akafuta kioo, akainama tena.

"Vipi?" baba mkubwa akauliza.

"Themanini na tisa."

Mwalimu wa misheni akasogea, akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto. Wanawake wa mafuta ya taa wakaja. Yule mzee wa kukaa akaja. Duka zima likawa linapinda shingo kama kuku wanaosikia mwewe. Ni kweli kabisa. Ukisoma kwa huku ni sita na nane, ukisoma kwa kule ni nane na tisa, kwa sababu sita ikipinduliwa ni tisa na nane ikipinduliwa ni nane.

"Herufi ingetuonyesha," Mhindi akasema. "Herufi inatangulia namba. Tungeiona B tungejua mwanzo uko wapi. Au hata jina la kiwanda. Lakini mtu huyu ameweka ngumi huku, na ngumi huku. Amebakiza tarakimu mbili tu katikati. Angetaka kuficha asingefanya vizuri hivi."

"Hakutaka kuficha," baba mkubwa akasema. "Alitaka kuonekana."

"Kwa nini hamkuleta kamba? Mngezungusha kamba kwenye puli mbili, basi."

Baba mkubwa akaanza kukagua minyororo.

"Haya, kutoka puli ya injini mpaka puli ya kinu ni kiasi gani?"

"Hatua moja," nikasema.

"Hatua ya nani?" akauliza, na akamtazama baba mkubwa, kisha akanitazama mimi, tofauti ya miguu yetu ikijieleza yenyewe. Akaniambia nitembee. Nikapiga hatua, nikaona kubwa, nikapiga nyingine ndogo. Mzee wa kukaa akasema, "Huyu anacheza mdundiko." Mhindi akasema hapana, hapa pana tofauti ya inchi ishirini na moja kati ya mkanda na mkanda, na ile injini inaweza kusogezwa kwenye vyuma vyake kidogo tu kukaza, haitasogezwa hatua nzima. "Na mkanda ukishatoka dukani haurudi. Ninao mmoja wa sitini na nane na mmoja wa themanini na tisa. Chagueni."

Fedha zilikuwa za mkanda mmoja. Kurudi Visiga kwenda kupima kamba na kuja tena, mwezi ungeandama tukiwa njiani.

Mhindi alikuwa mtu wa akili, hilo sitalikataa. Akaitazama tena picha, kisha akamtazama baba mkubwa. "Ni wewe huyu mwingine?"

"Mimi."

"Na huyu mwenye mkanda ni ndugu yako. Mmelingana urefu, vichwa vyenu viko sawa kabisa. Mkanda wake unafika magotini. Basi kazi imekwisha." Akaushusha mkanda wa themanini na tisa kutoka kigingini, akamvika baba mkubwa shingoni. Ukaning'inia, ukagusa magoti. Akamvua, akamvika wa sitini na nane. Ukaishia katikati ya mapaja.

"Themanini na tisa," akasema. "Mtu wa urefu huu, mkanda magotini, ni themanini na tisa. Nikufungie?"

Duka likafurahi. Mwalimu akasema hiyo ndiyo hesabu. Baba mkubwa akatia mkono mfukoni kutoa fedha.

Hesabu ya Mhindi ilikuwa nzuri, ila ilijengwa juu ya boksi la sabuni. Mkwe wangu magoti yake yako karibu na ardhi, mkanda wowote ungeyafikia upesi. Mkanda wa themanini na tisa shingoni kwake ungemwangusha akitembea. Nikamvuta baba mkubwa pembeni, nikamwambia kwa Kizaramo, taratibu, kwamba yeye anajua ninachotaka kusema.

"Sijui," akasema.

"Baba mkubwa, lile boksi."

"Boksi gani?"

"Ulikuwa umesimama karibu nalo. Ulicheka mpaka mpiga picha akakukataza."

Akanitazama kutoka juu kule. "Mwanangu, mimi nimerudi kutoka Burma. Nimeona watu wakifa kwa siri ndogo kuliko hiyo. Ndugu yangu ni mrefu. Tulipe, twende."

"Mkanda utapwaya. Hautavuta kitu."

"Utapwaya kwa heshima."

"Na posa yangu?"

Hapo akafikiri kidogo, maana hakuwa mtu mbaya. Akasema, "Posa hurudishwa, mtu akaposa kwingine. Lakini aliyemtaja mkwe mwili wake mbele ya Mhindi, na mwalimu, na wanawake wa mafuta ya taa, huyo ataposa wapi?"

Niliiona hoja yake. Nikisema, namvunjia mkwe heshima na namkosa binti. Nisiposema, mashine haiimbi na namkosa binti. Nikajaribu njia ya katikati. Nikamrudia Mhindi, nikamwambia, "Bwana, tuseme tu, mfano, kwamba mtu yule kwenye picha amesimama mahali palipoinuka."

"Paliinuka kiasi gani?"

"Mfano tu."

"Mfano kiasi gani?"

"Kiasi cha boksi la sabuni," nikasema, na baba mkubwa akafumba macho.

Mhindi hakucheka. Alichukua rula, akailaza juu ya kioo cha picha, kutoka magoti ya mkwe kwenda kulia mpaka kwa kaka yake. Rula ikapita katikati ya mapaja ya baba mkubwa. Magoti yake yeye yalikuwa chini kule, karibu na magunia.

"Tazameni," akasema, "vichwa sawa, mabega sawa, lakini magoti ya huyu yako kwenye mapaja ya yule. Ama ndugu yako hana miundi, ama amepanda juu ya kitu." Akauvika tena mkanda wa sitini na nane shingoni mwa baba mkubwa, akainua picha kando yake kulinganisha. Mkanda uliishia palepale rula ilipopita. "Sitini na nane. B sitini na nane. Kijana amesema kweli, ndugu yako ni mfupi."

"Mimi sikusema mfupi," nikasema haraka.

"Umesema boksi."

Mwanamke mmoja wa mafuta ya taa akaomba aione picha tena. Akaishika mbali, akaishika karibu, akasema, "Lakini kapendeza." Mwenzake akalazimika kukaa chini kwa kucheka. Mwalimu akatoka nje, nikamsikia akicheka huko, kwa adabu, kama mtu wa misheni.

Tulirudi na mkanda wa sitini na nane. Njia nzima Burma haikusimuliwa hata mara moja.

Nilipoufunga ulikaa kwenye puli zote mbili kama umezaliwa pale. Nikaisogeza injini kidogo kukaza, nikabonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba, ukashuka kidogo ukarudi, nikajua ndio huu. Nikazungusha, injini ikashika, kinu kikaanza kuimba, na wanawake waliokuwa wakitwanga majumbani wakaacha michi yao wakaja na ndoo. Mkwe alisimama mlangoni, mikono nyuma, amefurahi. Aliniita mwanangu, mara ya kwanza. Binti alinipitia na chekecheo, akasema bila kunitazama, "Mtu wa korosho kakosa." Mwezi ulikuwa haujaandama.

Nilikuwa na furaha hiyo mpaka adhuhuri, kwa sababu baba mkubwa alikuwa ameahidi kunyamaza. Na yeye alinyamaza. Nilisahau wanawake wa mafuta ya taa. Mmoja wao alikuwa na dada yake Visiga.

Kufika alasiri karibu foleni nzima ilikuwa inajua. Hawakusema kitu, walikuwa wakisalimia tu. "Shikamoo baba," wanasema, na wanainamisha vichwa, kwanza kulia, kisha kushoto. Mkwe aliitika marahaba ya kwanza, ya pili, ya tatu akaanza kushangaa. Bibi mmoja, yule aliyepitwa na mkanda sikioni, akaweka ndoo yake mbele ya mlango, akaipindua, akamwambia, "Panda, baba, upate hewa."

Mkwe akamwita kaka yake ndani. Kisha akaniita mimi. Akakaa kwenye kiti, nami nikakaa chini mbali, kama inavyotakiwa. Hakupiga kelele. Angenipigia kelele ningeona nafuu.

"Nasikia umenipima," akasema.

"Tulikuwa tunapima mkanda, baba."

"Mkanda ulikuwa shingoni mwa nani?"

Nikaanza kujipangusa unga magotini.

"Posa yako siirudishi," akasema. "Mashine inaimba, neno langu ni neno langu. Lakini utatoka pale nje, uwaambie wale wanawake kwamba boksi halikuwapo."

Nikatoka. Ningefanya nini, nilimtaka binti. Nikaizima injini ili nisikike, nikasimama mbele ya foleni, nikasema, "Jamani, siku ya picha, boksi halikuwapo."

Wale watatu wanne waliokuwa hawajasikia wakauliza, "Boksi gani?" Na wenzao wakawaeleza, kwa furaha, kila mmoja akiongeza lake. Mmoja alisema maboksi mawili. Mwingine akasema ngazi. Yule bibi akaniuliza, "Sasa kama halikuwapo, mwanangu, mkanda huu mbona umeingia?" Nikageuka, na mkanda ulikuwa pale kwenye puli, nao haukuwa na haya. Hata binti alijifunika uso kwa chekecheo, mabega yanamcheza.

Mkwe akatoka. Alisikia yote. Akasema, polepole, "Hawakukuelewa. Utasema tena Ijumaa, pale nje ya msikiti, watu wakitoka. Na ukishaoa utakuwa unasema kila utakapoulizwa."

Nikamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama mkwe usoni, na kosa hilo nadhani hakuliona, kwa sababu alikuwa akitazama foleni juu ya bega langu, akinyanyua visigino kidogo. Nikaiona Ijumaa hiyo, na Ijumaa ya baada yake, na arusi, na watoto wangu wakiuliza ile picha ukumbini. Nikaona miaka yote hiyo nikiwa nimechutama nyuma ya magunia, nimeshika.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Injini inataka maji."

Nikachukua debe la maji. Binti akaniambia nisichelewe, mahindi ya watu yanangoja. Nikateremka mpaka kisimani, nikalijaza debe vizuri, nikaliweka juu ya jiwe mahali ambapo yeyote angeliona, nikalifunika kwa majani yasiingie vumbi. Kisha nikaosha unga usoni, nikapita upande wa pili wa kisima, nikashika njia ya Misugusugu.